Barua ya mwaliko wa mtoto wa marehemu kaka yangu

Rehema Chilewa,
Kata ya Nzuguni,
Dodoma.

20 Aprili 2026

Kamishna Jenerali wa Uhamiaji,
Idara ya Uhamiaji,
Dodoma.

YAH: MWALIKO WA NDUGU GRACE CHILEWA, RAIA WA UINGEREZA, KUANZIA TAREHE 4 HADI 30 JULAI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii inachukua nafasi ya ile niliyompa mgeni wangu tarehe 2 Machi, ambayo ilieleza kwamba anakuja "kusalimia ndugu kwa muda" bila kutaja siku wala anayelipa.

Mimi ni raia wa Tanzania, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Grace ni binti wa marehemu kaka yangu, nami ni shangazi yake. Baba yake alifariki mwaka 2024, akazikwa kijijini kwetu Mvumi, Wilaya ya Chamwino, na Grace hakuwahi maziko. Ukoo umekubaliana kulijengea kaburi hilo Jumamosi tarehe 18 Julai, na kwa desturi yetu si vema shughuli hiyo ifanyike mtoto wake wa pekee akiwa mbali. Pia atamwona bibi yake, mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 84, ambaye hawezi tena kusafiri. Hatafanya kazi, biashara wala masomo akiwa nchini.

Atakaa siku 27. Wiki mbili za kwanza atakuwa nyumbani kwangu Nzuguni. Kuanzia tarehe 18 tutakuwa Mvumi kwa bibi yake kwa siku nane, kisha atarudi kwangu hadi siku ya kuondoka. Yeye ni muuguzi, na anatakiwa kuripoti kazini Jumatatu tarehe 3 Agosti, hivyo hatuombi muda zaidi ya huo.

Grace atajilipia tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, bima ya afya ya safari, na ada ya viza ya kawaida ya kuingia mara moja, ambayo ni dola 50 za Marekani. Malazi, chakula, nauli ya treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na kurudi, pamoja na usafiri wa Mvumi, ni juu yangu, na nimetenga shilingi 900,000 kutoka katika akiba yangu. Gharama za kaburi zinalipwa na ukoo kwa michango. Mgeni hadaiwi chochote.

Naambatisha nakala ya kitambulisho changu cha taifa, taarifa ya benki ya miezi mitatu, barua ya mwenyekiti wa mtaa, nakala ya pasipoti ya Grace na barua ya ruhusa ya mwajiri wake.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Rehema Chilewa
(Shangazi na mwenyeji wa mgeni)