YAH: Bolti iliyokatika kwenye silinda hedi ya Toyota IST yako, na gharama ya kuitoa

Tabata, Dar es Salaam
14 Agosti 2025

Mzee Ngowi,

Shikamoo. Jana jioni nilikueleza kwa simu kwamba bolti moja ya manifodi ya ekzosi imekatika, ukauliza kwa nini kazi ya gasketi ya 85,000 imeongezeka. Swali lako ni la haki, na nimeona nikujibu kwa maandishi ili uamue ukiwa umeelewa.

Iliyokatika ni bolti ya mwisho, upande wa gia, silinda namba 4. Ilikatikia ndani ya tundu, kama milimita 2 chini ya uso wa hedi, kwa hiyo hakuna pa kuishika kwa koleo wala spana. Tuliimwagia mafuta ya kulainisha kutu tangu Jumanne usiku, tukaifungua kwa mkono, si kwa mashine. Kichwa kilizunguka kidogo, kikabaki kwenye soketi.

Bolti hiyo ni ya chuma, na hedi ya injini ya 1NZ ni ya aluminiamu. Injini ikipata moto, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma; ikipoa, hurudi na kuibana. Hali hiyo imejirudia kila siku kwa miaka. Gasketi ilipoanza kuvujisha, moshi wa moto ukawa unaipiga bolti hiyo moja kwa moja, ikaliwa na kutu hadi shingo ikawa nyembamba. Zile nyingine zimetoka salama. Nimekuwekea kipande kilichokatika ukione mwenyewe.

Tutaanza kwa kuchomelea. Tunachomoa betri kwanza ili umeme wa mashine usiharibu kompyuta ya gari, kisha tunajaza chuma juu ya bolti kwa mashine ya MIG, tunaweka washa na nati, na kuvichomelea viwe kitu kimoja. Waya wa chuma haushikamani na aluminiamu, hivyo hesi za hedi hazidhuriki, na joto lenyewe hulegeza kutu. Ikipoa kiasi, tunaizungusha robo mbele, robo nyuma, taratibu. Mara nyingi hutoka hapo. Nati ikikatika tunarudia, hata mara tatu.

Ikigoma kabisa ndipo tunatoboa. Tunapiga alama katikati kwa senta panchi, tunaanza na biti ya milimita 3, halafu 5, tukitumia biti zinazokata kinyume ili zikinasa ziisukume bolti itoke. Hapa ndipo pa hatari. Chuma ni kigumu kuliko aluminiamu inayokizunguka, kwa hiyo biti ikipotea katikati hata kidogo, inakimbilia kwenye hedi na kula hesi. Ikitokea hivyo, tunapanua tundu na kuweka helikoili ya M8, ambayo ni hesi mpya za chuma. Wapo wanaokimbilia kupigilia ekstrakta, kile chombo cha kung'olea bolti iliyokatika, mapema. Sikubali, kwa sababu ikivunjikia ndani, chuma chake kigumu hakitoboleki kwa biti ya kawaida, na hapo hedi inabidi ishuke.

Manifodi ya IST iko nyuma ya injini, imebanana na ukuta wa kabini. Lazima tuondoe mikono ya waipa na bati lililo chini yake ndipo drili ipite. Kuitayarisha nafasi hiyo kunakula muda kuliko kuitoa bolti yenyewe.

Nyongeza ni hii: kazi ya kuitoa 60,000, kuchomelea 20,000, bolti na nati mpya zote 15,000. Jumla 95,000, na pamoja na ile 85,000 inakuwa 180,000. Helikoili ikihitajika ni 30,000 zaidi, na nitakupigia kabla ya kuiweka. Haitavuka 210,000. Chombo chetu kikivunjikia ndani ya hedi, gharama yake ni yangu.

Uliuliza kama tunaweza kufunga bila bolti hiyo. Sikushauri, mzee wangu. Gasketi mpya itaungua pale pale pasipobanwa. Hewa itaingia kwenye ekzosi kabla ya sensa ya oksijeni, kompyuta itadhani petroli ni kidogo na kuongeza, nawe utalipia mafuta kila wiki. Kubwa zaidi, moshi unatoka karibu na kabini, na una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Gari hili linabeba wajukuu kwenda shule.

Ukiona bora ulipeleke kwingine, utalipa 40,000 ya kazi iliyokwishafanyika, nami nitafunga manifodi kwa bolti zilizopo ili livutwe salama. Ukikubali, nitumie ujumbe kabla ya saa nne kesho asubuhi. Fundi wa kuchomelea anakuja saa tano, na gari utalichukua Jumamosi alasiri.

Wako,
Hamisi
Mwenye gereji