Mpango wa Kurejea Kazini kwa Awamu: Karani wa Hati za Forodha, Ofisi ya Mombasa

WARAKA WA SIRI

Kwa: Daktari wa afya kazini, Mkuu wa kitengo cha hati
Kutoka: Afisa wa ustawi wa wafanyakazi
Tarehe: 1 Septemba 2025

Hali ilivyo

Mfanyakazi anayehusika hajakuwa kazini tangu tarehe 17 Machi 2025 kwa sababu ya unyogovu, na atarejea Jumatatu, tarehe 8 Septemba, baada ya wiki 25. Daktari anayemtibu amethibitisha kwa barua kwamba anaweza kuanza kazi kwa saa zilizopunguzwa. Hakuandika kwamba amepona kabisa, na mpango huu haudai hivyo. Usingizi umerudi na chakula kinalika, lakini umakini wake bado hukatika baada ya saa mbili hivi, na asubuhi ndiyo sehemu nzito zaidi ya siku yake, jambo linalojulikana sana katika ugonjwa huu. Ataendelea kutumia dawa, kwa kuwa matibabu ya unyogovu huendelezwa kwa miezi kadhaa baada ya dalili kutulia ili ugonjwa usirudi, na kila Jumatano saa nane mchana atahudhuria ushauri nasaha.

Yaliyoandikwa humu ameyasoma na kuyaidhinisha kwa sahihi yake. Majina ya dawa, mazungumzo yake na mshauri na habari za familia yake hayamo, na mkuu wa kitengo anaombwa asiyaulize, hata kwa nia njema. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Wenzake wataambiwa kwamba alikuwa katika likizo ya ugonjwa na sasa anarudi kwa saa chache. Maneno hayo ameyachagua mwenyewe na yasiongezwe chochote.

Saa za kazi

Awamu ya kwanza, 8 hadi 19 Septemba: Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana.

Awamu ya pili, 22 Septemba hadi 3 Oktoba: siku hizo tatu pamoja na Ijumaa, saa nne hadi saa nane.

Awamu ya tatu, 6 hadi 24 Oktoba: siku zote tano, saa tatu na nusu hadi saa tisa na nusu, isipokuwa Jumatano ambapo ataondoka saa saba.

Awamu ya nne, 27 Oktoba hadi 14 Novemba: saa tatu hadi saa kumi, Jumatano ikibaki vilevile. Saa kamili zitaanza tarehe 17 Novemba iwapo tathmini ya mwisho itaruhusu.

Saa nne haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mfanyakazi anaishi Likoni, na anayevuka kwa feri saa moja asubuhi anajua msongamano ulivyo: watu wamesimama bega kwa bega wakisubiri lango lifunguliwe, kisha wote wanashuka kwa pamoja kukimbilia matatu. Katika miezi ya mwisho kabla ya kuugua alikuwa akifika ofisini tayari amechoka, na mara mbili alirudi nyumbani kutoka kivukoni bila kuvuka. Akivuka saa tatu, umati huwa umepungua. Kwa hiyo kumwomba «awahi kidogo leo tu» si jambo dogo, na lisifanywe kabla ya awamu ya nne.

Kazi yenyewe

Saa ni sehemu nyepesi ya mpango huu. Uzito uko katika kile kitakachowekwa mezani. Wiki mbili za kwanza atapanga na kulinganisha hati za mizigo iliyokwisha kutolewa bandarini: ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena. Hiyo ni kazi halisi inayohitajika kwa ukaguzi wa mwisho wa mwaka, lakini haina kontena linalosubiri. Katika awamu ya pili ataandaa matamko mawili kwa siku, na mwenzake atayapitia kabla ya kuwasilishwa katika mfumo wa forodha wa iCMS. Jicho hilo la pili libaki hadi mwisho wa awamu ya tatu, kwa sababu tarakimu moja iliyokosewa katika namba ya ushuru inaweza kuleta faini na gharama za kuhifadhi kontena, na umakini ndio unaochelewa kurudi. Mteja asipigiwe wala asipige simu ya mezani kwake kabla ya awamu ya tatu. Mizigo ya dharura, zamu za jioni na kazi za Jumamosi zisubiri hadi Desemba.

Mafaili yaliyorundikana tangu Machi yagawanywe kwa wengine kabla ya tarehe 8, wala yasiwekwe kwenye meza yake «ayaangalie taratibu».

Mwezi Februari, mzigo mmoja ulipochelewa, alilaumiwa kwa jina katika kundi la WhatsApp la kitengo mbele ya watu wote. Anasema ndipo alipoacha kulala. Siandiki haya kutafuta mkosaji, bali kwa sababu kundi hilo lingali linatumika vilevile. Hatarudishwa humo hadi awamu ya tatu, na maagizo yake yatatoka kwa mkuu wa kitengo peke yake, kwa maandishi, si zaidi ya matatu kwa siku. Makosa yazungumzwe faraghani.

Kwa mkuu wa kitengo

Siku ya kwanza mpokee mwenyewe, mwonyeshe meza yake, na usiandae keki wala hotuba. Kila Alhamisi saa tano zungumzeni kwa dakika kumi na tano kuhusu kazi ya wiki: nini kilienda, nini kilikwama. Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Ofisi ikipanga shughuli yoyote karibu na siku hiyo, asiombwe kutoa ushuhuda.

Mipango ya namna hii niliyoiona ikivunjika haikuvunjika wiki ya kwanza. Ilivunjika wiki ya sita, mtu alipoanza kucheka tena na kila mmoja akadhani ameshakuwa yule wa zamani.

Hali ikirudi nyuma

Dalili alizozitaja mwenyewe ni kuchelewa siku mbili mfululizo, kula peke yake na, kwa maneno yake, «kufungua faili lile lile mara tatu bila kuandika kitu». Mkuu wa kitengo akiziona, amwambie alichoona bila kutoa hukumu, kisha awasiliane na daktari wa afya kazini siku hiyohiyo. Hatua ya kwanza ni kurudi awamu iliyotangulia kwa wiki moja, si kumrudisha nyumbani. Akisema jambo lolote la kutaka kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo; daktari apigiwe papo hapo, na asipopatikana apelekwe kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Mshahara na tathmini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kima cha chini cha likizo ya ugonjwa kuwa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, na muda huo ulikwisha zamani. Hata hivyo, mwajiri amekubali kulipa mshahara kamili wa msingi katika wiki zote kumi, na siku asizofika kwa mujibu wa mpango hazitakatwa katika likizo yake ya mwaka.

Daktari wa afya kazini atamwona tarehe 18 Septemba, 2 Oktoba, 23 Oktoba na 13 Novemba, na atamwandikia mkuu wa kitengo iwapo awamu inayofuata iendelee, isogezwe mbele au irudiwe, bila kueleza sababu za kitabibu. Mfanyakazi anaweza kuomba awamu irudiwe wakati wowote. Ombi la kuharakisha litamsubiri daktari.

Nakala ni tatu: ya mfanyakazi, ya daktari na ya mkuu wa kitengo. Ile ya mkuu wa kitengo itarudishwa kwangu tarehe 17 Novemba.