Jedwali la majibu kwa hoja kubwa za mtahini wa nje: tisisi ya masta, afya ya jamii, kuhusu magadi na madoa ya floraidi kwenye meno ya watoto wa shule (toleo la 3, la supavaiza kupitia)

Shikamoo Dokta. Jedwali ndo hili, nimeliandika Kiswahili kwanza tukubaliane hoja kwa hoja, ukishanipa neno lako naligeuza Kiingereza cha ofisini nalipeleka kamati. Namba za kurasa ni za faili jipya. Hoja ndogondogo za spelingi na marejeo zilikuwa 23, zote nimesharekebisha, sijazijaza humu. Pale alipotupata nimekiri tu, sioni faida ya kuzungukazunguka.

| Na. | Mtahini amesema | Jibu langu | Ukurasa |
|---|---|---|---|
| 1 | Utafiti umepima mara moja tu, lakini kichwa na hitimisho vinasema magadi "yanasababisha" floraidi kuharibu meno. | Kweli kabisa. Kwenye kichwa sasa ni "uhusiano", na nimepitia sura ya 4 na ya 5 nikakuta neno "kusababisha" mara 11, yote nimeyatoa. | i, 58–71 |
| 2 | Kiwango cha 4.0 mg/L kilichotumika kama kikomo cha maji salama kimepitwa na wakati. | Nilikichukua kwenye ripoti za zamani za maji vijijini. Sasa natumia 1.5 mg/L, ambacho ndo cha WHO na ndo cha Tanzania sa hivi. Jedwali la 6 limebadilika sana: vyanzo 5 nilivyoviita salama vimehamia upande wa pili. | 9, 44 |
| 3 | "Kutumia magadi: ndiyo/hapana" haitoshi. Kiasi gani? Mara ngapi? | Hii imenisumbua kuliko zote. Dodoso lilikuwa na swali la mara ngapi kwa wiki ila sikulitumia, nikaona ndiyo/hapana inatosha. Nimerudi kwenye data nikagawa makundi matatu. Ukilinganisha na wasiotumia kabisa, wanaotumia mara 1–2 kwa wiki PR ni 1.21 (0.95–1.54), na mara 3 au zaidi ni 1.52 (1.20–1.93), yani inapanda kadiri matumizi yanavyopanda. Kiasi kwa gramu sina na sitakitunga. Wakati wa majaribio ya dodoso tuliwaomba kina mama watuonyeshe, mmoja akatia donge kama nusu ya kiberiti kwenye makande ya sufuria la lita tano akasema "haka kadogo tu", jirani yake kwa sufuria hilohilo akatia punje za kushika kwa vidole viwili, naye akasema kadogo. Ndo maana swali la kiasi tulilitoa, na sasa nimelieleza hilo kwenye mbinu badala ya kunyamaza. | 31–32, 49 |
| 4 | Meno ya kudumu hutengenezwa utotoni. Maji yaliyopimwa mwaka huu yanamwambia nini mtoto wa miaka 14? | Amenibana vizuri. Enameli ya meno ya mbele inajengeka miaka ya mwanzo ya maisha, kwa hiyo mtoto aliyehamia kijijini akiwa darasa la nne maji ya hapo hayahusiki na madoa yake. Dodoso lilimuuliza mzazi mtoto alizaliwa wapi na familia imehama lini. Nimerudia uchambuzi kwa watoto 431 tu (kati ya 612) waliozaliwa palepale na hawajahama, chanzo cha maji kikiwa kilekile kwa maelezo ya mzazi. PR ya magadi ikawa 1.45, haijaanguka. Nimekiri pia kuwa tulichota maji msimu mmoja tu. | 40, 52–53 |

Hoja ya 5 na ya 6 zinakwenda pamoja, zote zimetokana na mimi kusahau kwamba watoto niliwachukua shule kwa shule. Komandi niliyotumia ni hii, mtahini aliomba aione:

```
svyset shule
svy: poisson madoa i.magadi i.chanzo umri, irr
```

| Na. | Mtahini amesema | Jibu langu | Ukurasa |
|---|---|---|---|
| 5 | Sampuli ilizidishwa kwa 1.5 bila sababu, na uchambuzi haukujali kwamba watoto wa shule moja wanafanana. | Ile 1.5 niliikuta kwenye tisisi za waliotangulia nikaibeba hivohivo. Nimekokotoa kutoka kwenye data: shule 16, wastani watoto 38.25 kwa shule, mfanano ndani ya shule 0.06, kwa hiyo 1 + (37.25 × 0.06) = 3.235. Maana yake watoto wangu 612 wana uzito wa watoto 189 tu waliochaguliwa mmojammoja. Inauma lakini ndo hesabu. Wenye madoa bado ni 355 (58%), ila mipaka ya uhakika ya 95% imetanuka kutoka 54–62 hadi 50–65. Ufupisho wa mwanzo nao nimeubadilisha. | iv, 28, 46 |
| 6 | OR inakuza uhusiano pale tatizo linapokuwa la kawaida. | Sahihi. Wenye madoa ni 235 kati ya 340 wanaotumia magadi, na 120 kati ya 272 wasiotumia. OR inatoa 2.83, wakati ukigawa asilimia kwa asilimia unapata 1.57 tu, na msomaji wa kawaida angeielewa ile 2.83 kama "karibu mara tatu". Nimehamia PR kwa rigresheni ya Poisson. Baada ya kurekebisha kwa umri na chanzo cha maji: 1.38 (1.11–1.72). | 47–50 |
| 7 | Hakuna ushahidi kwamba wapimaji wa meno walikubaliana. | Ulikuwepo, sikuuandika. Watoto 60 walipimwa tena baada ya wiki moja: kapa ya mpimaji na yeye mwenyewe 0.78, kati ya wapimaji wawili 0.71. Aliuliza pia meno yalikaushwaje, maana kipimo cha TF kinataka jino safi na kavu: tulifuta kwa gauzi, mtoto akakaa akiangalia dirisha, jino likaachwa kama dakika moja ndo likasomwa. Vumbi la kiangazi lilikuwepo, siku mbili tulihamia ofisi ya mwalimu mkuu. | 34–35 |
| 8 | Fomu ya ridhaa ya mtoto haionekani. | Ipo, ilibaki nje wakati wa kubaindi. Kiambatisho cha 4 sasa, pamoja na ya mzazi. | 88 |
| 9 | Ongeza kipimo cha floraidi kwenye mkojo. | Hapa naomba kutokubaliana. Mkojo unaonyesha zaidi alichokula na kunywa siku za karibuni, hausemi alichopata akiwa na miaka mitatu, na hoja yake ya 4 inasema hivohivo. Tena kibali cha maadili hakikuhusu sampuli za mwili. Nimeiweka kwenye mapungufu na kwenye mapendekezo ya utafiti ujao. | 69, 72 |

Dokta, hoja ya 9 ndo naiogopa. Kama unaona nimejibu kwa ukali nipunguzie maneno, ila sitaki tuahidi kurudi Meru kukusanya mikojo ya watoto ambao nusu yao washamaliza la saba. Nitakuwa Moshi mpaka Alhamisi, nakala ya karatasi nakuachia kwa sekretari kesho asubuhi, penye alama ya njano ndo palipobadilika.