Shule za Misheni Tanganyika: Faida na Gharama Zake

Historia ya elimu ya Tanganyika haiwezi kuandikwa bila kuzitaja shule za misheni, kwani serikali ya Wajerumani ilipofungua shule yake ya Tanga katika miaka ya 1890, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kukaa Bagamoyo tangu 1868, wakiwafundisha watoto waliokombolewa utumwani kusoma, useremala na kilimo. Waingereza nao hawakuwa na nia ya kutumia fedha nyingi kwa elimu ya Waafrika, hivyo wakaona ni nafuu kuzipa ruzuku misheni zilizotimiza masharti yao, na kwa njia hiyo watoto wengi wa Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe walipata kalamu ambayo serikali peke yake isingewafikishia mapema. Humo walitoka walimu, makarani, wauguzi na, jambo ambalo wamisionari wengi hawakulikusudia, baadhi ya waliodai uhuru. Julius Nyerere mwenyewe, ingawa sekondari alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, alikuwa mwalimu wa shule ya Kikatoliki ya Pugu hadi 1955, alipoiacha kazi hiyo kwa ajili ya TANU. Hata hivyo, elimu hiyo ililipiwa kwa namna ambayo haikuandikwa katika daftari la ada. Mwanafunzi alitarajiwa kubatizwa, kubadili jina na kuziacha ngoma na jando za kwao, na mara nyingi alilima shamba la misheni kwa muda ambao angekuwa darasani. Kati ya gharama zote, iliyo nzito zaidi kwa maoni yangu ni ile iliyowaangukia wale ambao hawakuingia kabisa: wazazi Waislamu wa pwani, waliohofia, tena kwa haki, kwamba mtoto angerudi nyumbani na dini nyingine, walimbakiza chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na jamii iliyokuwa ikiandikiana barua na tenzi kwa herufi za Kiarabu kwa vizazi kadhaa ikaanza kuhesabiwa kuwa haijasoma, kwa kuwa ofisi za mkoloni zilitambua herufi za Kirumi na cheti tu. Kosa hilo si la wamisionari peke yao, maana wao hawakuficha kwamba walikuja kueneza dini. Ni la serikali iliyowaachia kazi yake na kuacha ramani ya shule ifuate ramani ya makanisa. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule nyingi za misheni zilitaifishwa na milango ikafunguliwa kwa watoto wa dini zote, lakini madawati ya sekondari yaliendelea kwa muda mrefu kujazwa zaidi na watoto wa mikoa ile ile iliyotangulia kupata shule za msingi.