Kifungo cha Tatu

Siku hiyo Zuhura alikuwa akitembea kwa kuburuta mguu wa kulia. Haukuwa ukimuuma. Ila soli ya kiatu chake ilikuwa imeachia mbele, na kila alipounyanyua mguu, kiatu kilifunua mdomo na kumeza mchanga. Mdogo wake Juma alikuwa mbele, akirukaruka kukwepa mistari ya kivuli barabarani.

Zuhura aliinama kukung'uta mchanga. Hapo ndipo alipoiona.

Pochi ya ngozi, ya kahawia, imelala kando ya mtaro kama vile kuna mtu ameiweka tu na angerudi kuichukua. Aliangalia mbele. Aliangalia nyuma. Hapakuwa na mtu ila Juma, naye alikuwa amempa mgongo. Zuhura aliiokota, akaitumbukiza kwenye begi la shule kati ya daftari la hesabu na la sayansi, kisha akafunga zipu mpaka mwisho.

"Umeokota nini?" Juma aliuliza. Mtoto yule alikuwa na masikio ya ajabu.

"Penseli yangu."

Ulikuwa uongo mdogo, na ulimtoka haraka kuliko alivyotarajia.

Nyumbani, Zuhura alijifungia chumbani na kuifungua ile pochi juu ya kitanda. Ndani mlikuwa na noti sita, mbili kubwa na nne ndogo. Mlikuwa na kitambulisho chenye picha ya mama mmoja mwenye uso mwembamba, na jina lake la kwanza lilikuwa Salma. Mlikuwa na kijifuko cha plastiki chenye vifungo vitano vyeupe, kila kimoja kikiwa na matundu manne. Na mlikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alikikunjua. Kiliandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa mkono wa haraka:

*Gauni la Rehema. Bega 12. Kifua 26. Kiuno 24. Urefu 33. Vifungo 5. Ijumaa!*

Mwanzo hakuelewa. Kisha akatazama tena vile vifungo, akakumbuka. Darasani kwao alikuwapo Rehema, na siku ya Ijumaa Rehema alikuwa asimame mbele ya shule nzima kughani shairi. Wiki nzima alikuwa akiwasimulia wenzake juu ya gauni jipya analoshonewa. Basi hizi zilikuwa inchi za Rehema, na mwenye pochi alikuwa fundi cherehani.

Kwa hiyo usidhani kwamba Zuhura hakuwa na pa kuanzia. Alijua. Kwa Rehema si mbali, ni kuvuka uwanja tu. Angeweza kwenda jioni ileile na kumuuliza, "Fundi wako anakaa wapi?" Jua lilikuwa bado juu.

Lakini alizipanga zile noti kitandani, moja moja, akazitazama. Kisha akakitazama kiatu chake, kimekaa sakafuni, mdomo wazi.

Asubuhi alikuwa amemwambia mama kuhusu kile kiatu. Mama alikigeuza, akakibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Vumilia mpaka mwisho wa mwezi, mwanangu." Hakusema kwa ukali. Kama angesema kwa ukali, pengine Zuhura angekasirika na mambo yangeishia hapo. Alisema kwa sauti ya mtu anayejua mwisho wa mwezi ungali mbali.

"Noti moja tu," Zuhura alijiambia. "Hizi tano nitazirudisha. Mtu aliyepoteza pochi nzima atashukuru kupata hata nusu. Hatajua." Akajiambia pia kwamba kuokota si kuiba. Maneno hayo aliwahi kuyasikia kwa watoto wakubwa, na wakati ule yalisikika kama kweli.

Alichukua noti moja kubwa, akaikunja ndogo kabisa, akaificha ndani ya mkebe wake wa hesabu, chini ya bikari. Pochi akairudisha begini.

Wakati wa kula, mama aliuliza, "Mbona kimya leo?"

"Nimechoka tu, mama."

Angeweza kumwambia. Mama yake hakuwa mtu wa kufoka. Ila Zuhura alijua vizuri kwamba akishamwambia, mama atasimama palepale, atajitanda kanga, na pochi itarudi kwa mwenyewe kabla sahani hazijaoshwa. Pamoja na ile noti ya kwenye mkebe. Ndiyo maana alinyamaza. Wewe unayesoma, kama umewahi kuwa na jambo usilotaka kumwambia mtu kwa sababu unajua tayari atakachosema, basi unamwelewa Zuhura.

Usiku alilala upande huu, akageukia upande ule. Juma alikuwa akikoroma pembeni yake.

Asubuhi, Rehema aliingia darasani macho yamevimba. Wasichana wawili walimzunguka, na Zuhura, aliyekaa dawati la nyuma, alisikia kila neno.

"Gauni halitakuwa tayari," Rehema alisema. "Bi Salma amepoteza pochi. Hela ya kununulia kitambaa cha mikono na zipu ilikuwa humo, na vipimo vyangu, na vifungo. Jana usiku tulimkuta barabarani na tochi, anainama, anatafuta mtaroni. Mama yangu akamwambia, 'Nenda kalale, bibi wee.' Akasema hawezi kulala, hela ile si yake, ni ya wateja."

Zuhura alihisi tumbo likijikunja. Jana alipokuwa akizipanga noti kitandani, hakumwona mtu yeyote. Aliona noti tu, na kiatu. Sasa alikuwa akimwona mama mwembamba na tochi, ameinama palepale alipoinama yeye.

Kengele ya mapumziko ilipolia, hakwenda uwanjani. Aliingia chooni na begi lake, akafunga mlango, akafungua mkebe. Noti ilikuwa imekunjwa sana hata haikutaka kunyooka. Aliilaza juu ya paja, akaipitisha kiganja mara nyingi, lakini mikunjo ilibaki. Akairudisha ndani ya pochi hivyohivyo, na makunyanzi yake.

Kisha akamtafuta Rehema.

"Tukitoka shule," alimwambia, "nipeleke kwa fundi wako. Pochi yake ninayo."

Rehema alipiga kelele na kumkumbatia, na Zuhura akasimama wima kama mti, kwa sababu alijua hakustahili kukumbatiwa, bado.

Bi Salma alikuwa na chumba kimoja chenye cherehani mbili na vipande vya nguo vya kila rangi. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake. Zuhura alipoitoa ile pochi, Bi Salma aliacha mkasi ukaanguka. Aliishika pochi kwa mikono miwili, akaifungua, akahesabu. Noti sita. Vifungo vitano. Kikaratasi.

"Alhamdulillahi," alisema, akakaa. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimetafuta mpaka nikakata tamaa. Umeiokota leo? Njiani mkija?"

Hili swali Zuhura hakuwa amelitarajia. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa "asante" tu.

Tazama jinsi lilivyokuwa rahisi kulijibu. Neno moja, "ndiyo," na kila mtu chumbani angefurahi. Bi Salma angefurahi, Rehema angefurahi, na pengine Zuhura angepewa zawadi. Pochi imerudi, hela zimetimia, nani angedhurika?

Zuhura aliitazama ile noti yenye makunyanzi, imelala juu ya nyingine kwenye mapaja ya Bi Salma.

"Hapana," alisema. "Niliiokota jana mchana."

Chumba kilinyamaza. Nje, mtu alikuwa akipita na baiskeli yenye kengele.

"Jana mchana," Bi Salma alirudia. "Nami nilikuwa nje na tochi mpaka saa nne usiku."

"Ndiyo. Nilikisoma kikaratasi. Nilijua ni ya fundi wa Rehema." Sauti ilianza kumtetemeka, lakini aliona akiacha katikati hataweza kuanza tena. "Na hii noti yenye mikunjo, niliitoa nikaificha. Nilitaka viatu. Leo nimeirudisha. Samahani, Bi Salma."

Rehema alimtazama kwa mshangao. Bi Salma hakusema kitu kwa muda. Aliichukua ile noti, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi, akaishika pasi, na kuipitisha juu yake mara moja, polepole. Ikanyooka kidogo. Si yote.

"Nimekasirika," alisema mwishowe. "Sitakudanganya. Usiku mmoja wa fundi ni nguo mbili. Gauni la huyu lingekuwa limefika mbali." Akavuta pumzi. "Lakini umeniambia jambo ambalo nisingelijua kamwe. Mama yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Nenda kamwambie. Yote, kama ulivyoniambia mimi. Akikuruhusu, urudi. Usiku wangu umepotea, nami nahitaji mikono. Unajua kushona vifungo?"

"Sijui."

"Nitakufundisha."

Kumwambia mama kulikuwa kugumu kuliko kumwambia Bi Salma. Mama alisikiliza akiwa amesimama, sufuria mkononi, na alipomaliza kusikia aliiweka chini. "Kwa nini hukuniambia jana?" aliuliza. "Kwa sababu ungenifanya niirudishe," Zuhura akajibu, na mama akakaa kimya kitambo, kisha akajitanda kanga, akamshika Juma mkono, wakaenda wote watatu.

Jioni ile na ya kesho yake, Zuhura alikaa kwenye kigoda chini ya taa ya Bi Salma. Kumbe kifungo chenye matundu manne si kazi ya mzaha. Sindano ipande tundu hili, ishuke lile, ivuke, irudi, na uzi usivutwe sana nguo ikajikunja, wala usiachwe ukalegea. Kifungo cha kwanza kilimchoma kidole. Cha pili kilikaa vizuri. Cha tatu Bi Salma alikivuta kidogo, kikayumba.

"Fumua," alisema.

Zuhura alifumua, akashona tena. Bi Salma akakivuta tena. Hakikutikisika.

Ijumaa Rehema alipanda jukwaani na gauni lake la buluu. Alighani bila kutazama karatasi, mikono ikipaa na kushuka, na kila alipovuta pumzi kubwa kwa ajili ya ubeti mpya, kifua kilijaa na vifungo vikakaza. Zuhura, kwenye safu ya tatu, na kiatu chake kilekile kimefungwa kwa uzi mnene aliopewa na Bi Salma, alikodoa macho.

Makofi yalipotulia, Rehema alishuka mbio akamfuata. "Ulipenda ubeti gani? Ule wa mwisho, siyo?"

"Sikusikia hata mmoja," Zuhura alisema. "Nilikuwa naangalia kifungo cha tatu."

Rehema aliinamisha kichwa, akakishika kifungo, akakivuta kwa nguvu. Kisha akakivuta tena.

"Basi njoo," alisema, akimshika mkono. "Nitakughania lote upya. Na safari hii uangalie uso wangu."