Zangu zinaumwa

Asalaam aleikum bwana shamba. Samahani kwa usumbufu. Zangu zinaumwa na zinazidi kuisha. Jirani kanipa dawa ya unga, nimeweka lakini wapi. Naomba unitajie dawa nzuri nimtume kijana wa bodaboda akanunue leo hii hii. Mimi Baba Somoe wa Mahuta, nyuma ya ghala la chama.

—

Waaleikum salaam, Baba Somoe, na shikamoo. Pole sana. Kijana asiondoke kwanza, maana nikikutajia dawa sasa hivi nitakuwa napiga ramli. Umeandika “zangu”. Huku kwetu mbuzi zangu, kuku zangu, choroko zangu, korosho zangu, zote ni zangu. Mwaka jana mama mmoja aliniandikia “vinasinyaa vingali vidogo”, nikamwambia amwagilie jioni. Kumbe vifaranga.

Nakuuliza kwa mpangilio. Hili la kwanza nijibu hata kabla hujamaliza kusoma mengine.

Ni mnyama au mmea? Kama ni mnyama, kuna aliyekufa ghafla, au damu ikamtoka puani? Kuna mtu aliyemchinja, aliyemchuna, au aliyeng'atwa naye? Nayaweka haya mbele kwa sababu kimeta na kichaa cha mbwa havimwachi binadamu. Mpaka tuongee, usichinje anayeumwa, usipasue mzoga kutazama ndani, wala usimhamishie kwa shemeji “akakae huko kwanza”. Mdondo wa kuku, sotoka ya mbuzi na homa ya nguruwe husafiri hivyo hivyo, pamoja na mnyama anayehamishwa. Zote tatu ni za virusi, hakuna chupa dukani ya kuziponya.

La pili, hiyo dawa ya unga. Mwezi huu wa saba kila nyumba ina salfa ya mikorosho, na nimeshaona watu wanaipaka kila kinachoumwa. Nipigie picha ya mfuko, upande wenye maandishi madogo. Kama jirani alikumiminia kwenye rambo bila lebo, niambie tu, sitakugombeza. Uliweka kiasi gani, wapi, na kuna aliyekula au kuchuma hapo baadaye? Usiongeze nyingine juu yake.

La tatu: ya kwanza uliiona lini? Tarehe ikikupotea, sema ilikuwa kabla au baada ya kuanza kupuliza mikorosho. Ulikuwa nazo ngapi, zimeugua ngapi, zimekufa ngapi? Maana 3 kati ya 4 na 3 kati ya 40 ni habari mbili tofauti. Na kuna kitu kipya kilichoingia karibuni, kama mnyama wa mnadani, mbegu, au vipando vya muhogo kutoka kwa mtu?

Baada ya hapo ndipo dalili. Usinitajie jina la ugonjwa, niambie macho yako yameona nini. Mnyama: anakula? Anaharisha, rangi gani? Ana makamasi, vidonda mdomoni, anahema kwa shida? Mmea: imeanza jani changa au lililokomaa, ua, shina? Tawi moja au mti mzima? Mkorosho wenye vumbi jeupe kama unga wa muhogo kwenye maua na majani machanga naushuku ubwiriunga. Lakini mti ukigeuka njano na kukauka wote, ninauogopa mnyauko fuzari, ambao salfa haiugusi. Hapo itabidi tuwahusishe wataalamu wa Naliendele, na jembe lililogusa udongo wa pale lisiende shamba lingine.

Picha nitumie tatu: ya mbali nione eneo zima, ya mgonjwa mmoja mzima mzima, na ya karibu pale palipoharibika. Jana nilitumiwa kidole gumba na ukungu. Bando likiisha, nibipu.

—

Mbuzi. 11, wamekufa 4. Jana 2 asubuhi wakiwa wazima jioni wamekufa. Mmoja leo alianza kuyumba tukamuwahi kisu. Nyama iko jikoni haijaiva.

—

Baba Somoe, ipueni, msile. Msimpe mtu wala mbwa. Kichwa, ngozi na damu viacheni palepale mlipochinjia, watoto wasisogee. Aliyemchinja na mama aliyeshika nyama wanawe kwa sabuni na maji mengi sasa hivi. Wana mchubuko mikononi? Akitokwa na kipele au akipata homa, aende zahanati siku hiyo hiyo na aseme kwamba alishika mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Sijasema ni kimeta, nasema tusibahatishe. Wale wawili wa jana mmewafanyaje? Nampigia afisa mifugo, tunakuja wote.