TANGAZO LA BONASI YA MWAKA 2023/2024 (LINACHUKUA NAFASI YA LILE LA TAREHE 12 NOVEMBA 2024)

Jumatatu, 25 Novemba 2024

Kwa: Wafanyakazi wote – Ghala Kuu Vingunguti, matawi ya Morogoro, Dodoma na Mtwara
Kutoka: Idara ya Rasilimali Watu na Idara ya Fedha

Ndugu wafanyakazi,

Tangazo la tarehe 12 Novemba limefutwa. Likiwa bado limebandikwa kwenye ubao wa tawi lenu, libandueni. Lilisema bonasi itatolewa kwa "wenye mchango mkubwa", kwamba kiasi ni "mpaka mshahara mmoja na nusu", na kwamba malipo yatafanyika "mwishoni mwa mwaka". Mlilalamika, na malalamiko yalikuwa ya haki. Mchango mkubwa haukufafanuliwa, kwa hiyo uamuzi wote ulibaki mikononi mwa msimamizi. Neno "mpaka" lilisomeka kama ahadi ya mshahara mmoja na nusu kwa kila mtu, wakati kwa mpangilio ule wapakiaji wengi wasingefikia hata nusu mshahara. Aliyekuwa nje ya kazi zaidi ya siku 30 alienguliwa, na hapo waliokuwa likizo ya uzazi waliwekwa kapu moja na watoro.

Haya yafuatayo ndiyo yatakayofuatwa.

NANI ANAPATA

Mwaka unaopimwa ni 1 Oktoba 2023 hadi 30 Septemba 2024. Anahusika kila mwenye mkataba wa ajira, wa kudumu au wa muda maalumu, aliyefanya kazi angalau miezi mitatu kamili ndani ya kipindi hicho. Aliyeanza katikati atalipwa kwa miezi yake: karani aliyeajiriwa 1 Aprili 2024 ana miezi 6 kati ya 12, hivyo anapata nusu. Vibarua wa siku hawamo. Aliyekuwa kibarua akapewa mkataba anahesabiwa kuanzia tarehe ya mkataba.

Likizo ya mwaka, likizo ya uzazi (siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja), likizo ya baba na likizo ya ugonjwa yenye cheti zinahesabiwa kama siku za kazi. Alama za miezi hiyo zitachukuliwa kwenye wastani wa miezi ambayo mhusika alikuwepo kazini, si sifuri.

Aliyeacha kazi baada ya 30 Septemba analipwa kama wengine, maana kazi inayopimwa alishaimaliza. Tangazo la kwanza lilimtaka awe bado kazini siku ya malipo. Sharti hilo limeondolewa. Asiyelipwa ni aliyeachishwa kazi kwa kosa kubwa la kinidhamu lililosikilizwa na kuamuliwa. Kesi ambayo haijaisha haimzuii mtu: fedha yake itawekwa kando hadi uamuzi utoke.

ALAMA ZINAVYOPATIKANA

Jumla ni alama 100.

Lengo la tawi, alama 40. Hapa wote wa tawi moja wanapata alama sawa, kuanzia mlinzi hadi meneja. Kinachopimwa ni mzigo uliofikishwa kwa wateja ukilinganishwa na lengo la mwaka, pamoja na upotevu wa bidhaa ghalani. Kwa Mtwara, siku ambazo barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika eneo la Somanga wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zimetolewa kwenye lengo. Hesabu ya awali haikuzitoa, ikaonekana kana kwamba madereva walikaa bure, nao walikuwa wamelala barabarani na mzigo. Baada ya kurekebisha, Mtwara imepanda kutoka alama 24 hadi 31. Matawi mengine hayakupunguziwa chochote ili Mtwara ipande.

Kazi ya mtu mwenyewe, alama 40. Zinatoka kwenye kumbukumbu zilizopo: kwa dereva, hati za mzigo zilizosainiwa na mteja na matumizi ya mafuta kwa njia yake, kwa karani wa ghala, tofauti kati ya daftari na hesabu halisi ya kila mwezi, kwa mpakiaji, tani za zamu yake na bidhaa zilizovunjika, kwa mhasibu, tarehe za kufunga hesabu. Matumizi ya mafuta yanalinganishwa na magari ya aina ileile kwenye njia ileile. Gari linalopanda Kitonga halilinganishwi na linalokwenda Kibaha.

Usalama na nidhamu, alama 20. Kila onyo la maandishi ambalo bado lina nguvu linapunguza alama 5. Onyo lililoisha muda wake halihesabiwi, na karipio la mdomo halihesabiwi kabisa. Ajali inapunguza alama pale tu uchunguzi ulipoonyesha kosa ni la dereva.

Msimamizi haruhusiwi kuongeza wala kupunguza alama kwa maoni yake. Akiona kumbukumbu ina kosa, alete kumbukumbu sahihi.

Aliye chini ya alama 50 hapati bonasi, kwa sharti moja: awe alishaambiwa kwa maandishi katika tathmini ya nusu mwaka kwamba kazi yake ina upungufu. Kama msimamizi hakufanya tathmini hiyo, kosa si la mfanyakazi, naye atalipwa asilimia ya kundi la chini.

KIASI

Asilimia inahesabiwa kwenye mshahara wa msingi wa Septemba 2024, bila posho wala saa za ziada. Tarakimu tatu katika kila mstari ni za alama 50–64, 65–79, na 80 kwenda juu.

Daraja A – wapakiaji, matingo, walinzi, wasafishaji (mshahara Sh. 320,000–480,000): 60%, 75%, 90%. Kiasi ni kati ya Sh. 192,000 na 432,000.

Daraja B – madereva, makarani, wauzaji, mafundi (Sh. 500,000–950,000): 50%, 65%, 75%. Kati ya Sh. 250,000 na 712,500.

Daraja C – wasimamizi, wahasibu, maofisa (Sh. 1,000,000–1,800,000): 45%, 55%, 65%. Kati ya Sh. 450,000 na 1,170,000.

Daraja D – mameneja (Sh. 2,000,000–3,600,000): 35%, 45%, 55%. Kati ya Sh. 700,000 na 1,980,000.

Viwango hivi ni vya aliyefanya kazi miezi yote 12. Mtaona asilimia inashuka kadiri mshahara unavyopanda. Mpango wa mwanzo ulikuwa kinyume, meneja akiweza kufikia 150% ya mshahara wake. Hata hivyo meneja bado atachukua shilingi nyingi kuliko mpakiaji, na hatutaki kulificha hilo nyuma ya asilimia.

Fungu lililotengwa ni Sh. 118,000,000 kwa wafanyakazi 214. Asilimia hazitashuka hata wengi wakifikia alama 80. Kitakachobaki kitaingia kwenye fungu la mwaka ujao. Hakitagawanywa kwa uongozi.

MFANO WA HESABU

Dereva wa Mtwara, mshahara wa msingi Sh. 720,000, miezi 12. Tawi 31, kazi yake 34, usalama na nidhamu 17: jumla 82. Yuko Daraja B, asilimia 75. Bonasi ni Sh. 540,000.

Bonasi ni mapato ya ajira, hivyo inakatwa PAYE pamoja na mshahara wa mwezi inapolipwa. Mapato yake ya kawaida yanayotozwa kodi, baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi, ni Sh. 648,000, na PAYE yake ni Sh. 45,600. Desemba yatafika Sh. 1,188,000, na PAYE itakuwa Sh. 184,400. Kodi iliyoongezeka kwa ajili ya bonasi ni Sh. 138,800, mkononi zinabaki Sh. 401,200. Sehemu ya bonasi yake imevuka Sh. 1,000,000, ambako kodi ni 30%, ndiyo maana makato yanaonekana makali.

Tingo wa mshahara wa Sh. 320,000 aliyepata bonasi ya Sh. 192,000 ataongezewa kodi ya Sh. 15,360 tu, abaki na Sh. 176,640.

Kwenye kikao cha Vingunguti paliulizwa kama bonasi ingegawanywa Desemba na Januari ili kodi ipungue. Ni kweli ingepungua: yule dereva angeokoa Sh. 15,000. Wawakilishi wa matawi walipoulizwa, wengi walitaka fedha yote mkononi kabla ya shule kufunguliwa Januari, na hilo ndilo lililofuatwa.

Tozo ya SDL (3.5%) na mchango wa WCF (0.5%) vinalipwa na kampuni juu ya fungu, havitoki kwenye bonasi yenu. Aliyechukua mshahara wa mapema hatakatwa kwenye bonasi. Deni lake litaendelea kukatwa kwenye mshahara kama mlivyokubaliana. Mwenye malimbikizo ya mkopo benki aongee na benki yake mapema, kwa sababu fedha ikishaingia kwenye akaunti sisi hatuwezi kuizuia isikatwe.

TAREHE

Jumatatu 2 Desemba kila mtu atapokea bahasha yenye alama zake, chanzo cha kila alama, daraja na kiasi kabla ya kodi. Ndani kuna pia namba ya akaunti tuliyonayo. Isome tarakimu kwa tarakimu. Malipo yanayorudi kutoka benki mara nyingi yanatokana na akaunti iliyofungwa au jina lisilolingana na la kitambulisho, na kuyatuma upya huchukua siku kadhaa.

Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla ya saa 11 jioni, Ijumaa 6 Desemba. Mstari mmoja unatosha: alama ipi, na kumbukumbu ipi inaonyesha vingine. Anayeshindwa kuandika amwone mwakilishi wa tawi amwandikie. Pingamizi zitasikilizwa na watu watatu: mmoja wa Rasilimali Watu, mmoja wa Fedha, na mwakilishi wa wafanyakazi kutoka tawi lingine. Jumatatu tarehe 9 ni Sikukuu ya Uhuru, hivyo majibu ya maandishi yatatoka Alhamisi 12 Desemba. Aliyeleta pingamizi hawezi kushushwa chini ya alama alizokuwa nazo.

Orodha inakwenda benki Jumatatu 16 Desemba. Fedha itaingia Ijumaa 20 Desemba 2024, kabla ya saa 10 jioni, kwa muamala tofauti na mshahara. Isipoonekana kufikia hapo, piga simu Idara ya Fedha siku hiyohiyo. Ofisi itakuwa wazi hadi saa 1 usiku, na Jumamosi tarehe 21 hadi saa 6 mchana. Waliolipwa pungufu kwa kosa letu watamaliziwa kabla ya saa 10 jioni, Jumanne tarehe 24.

Wasimamizi wasome tangazo hili kwa sauti kwenye mkutano wa zamu kabla ya Ijumaa hii, zamu ya usiku ikiwemo, na kurudisha karatasi ya mahudhurio kwa Rasilimali Watu.

Meneja Rasilimali Watu
Mhasibu Mkuu